Punda wa dobi na sanduku la funzo

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na ndiyo maana niliidharau. Jamaa mmoja anayechapisha kalenda za ukutani alitaka kalenda ya watoto, kila mwezi na ngano yake. Chini ya picha kuna nafasi ya maneno tisini na tano: sentensi tatu nne za kisa, kisha sanduku dogo lenye rangi ya manjano na neno FUNZO. Ngano kumi na mbili, wiki moja, malipo ya kuridhisha. Nikajiambia hizi hadithi nimezisikia tangu sijang'oka meno ya utoto, nitazimaliza jioni mbili.

Nilizimaliza kweli. Mwezi wa Septemba niliuwekea kisa cha kima na papa, kile kinachojulikana kama kisa cha punda wa dobi. Nilichoandika ni hiki:

"Kima na papa walikuwa marafiki. Siku moja papa alimdanganya kima waende kwao, kumbe anataka moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima akatumia akili, akasema moyo ameuacha mtini, akarudishwa, akaokoka. Funzo: Usimwamini rafiki mnafiki."

Kabla sijatuma nilisafiri kwenda Tanga kumsalimia mjomba, kaka yake mama, ambaye amefundisha madrasa miaka mingi na sasa amestaafu na kubaki na vitabu vyake na kahawa. Nikamsomea zile kumi na mbili barazani ili acheke kidogo. Hakucheka. Ya Septemba aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hilo funzo umelitoa wapi?"

"Si ndilo lenyewe, mjomba? Papa mnafiki, kima kaponea."

"Sikuulizi kama ni zuri. Nakuuliza nani kalisema."

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyelisema. Nilikuwa nimelitoa kichwani mwangu, nikaliweka kwenye sanduku la manjano kana kwamba limo ndani ya hadithi. Tuliendelea na Septemba peke yake mpaka adhuhuri.

Kwanza tulikwenda kwenye maandishi. Kisa hiki kwa Kiswahili kilichapwa London mwaka 1870, katika mkusanyiko wa hadithi alizoziandika Edward Steere, mmisionari aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Zanzibar, kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Mwenye kukisoma chote huona mara moja jinsi ufupisho wangu ulivyokikata vibaya. Mkuyu umesimama, matawi nusu upande wa mji, nusu juu ya bahari. Kima anakula kuyu, papa yuko chini anaomba atupiwe, anatupiwa, siku nyingi, miezi mingi. Papa anasema amefadhiliwa vya kutosha, naye anataka kulipa fadhila, basi twende kwetu, nitakubeba. Katikati ya safari anamweleza habari ya sultani wao aliye mgonjwa sana, ambaye dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamlaumu kwa kutosema mapema, maana wao kima wakitoka hutembea na miili tu, mioyo huiacha mitini. Wakarudi. Kima akapanda.

Papo hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta, ilhali msimulizi wa Unguja amefika katikati tu. Papa anaita twende zetu. Kima anamuuliza kama anamdhania yeye ni punda wa dobi. Papa hajui punda wa dobi ni nini, na sasa kima anasimulia: punda aliyemtoroka dobi akanenepa porini, simba aliyekonda kwa maradhi, na sungura anayekwenda kumwambia punda kwamba ametumwa kuja kumposa, na mposaji ni simba. Punda anafurahi, anakwenda, simba anamrukia, punda anampiga mateke na kukimbia. Siku zinapita, sungura anakwenda tena na maneno yake matamu, na punda anarudi. Safari hii anauawa. Simba anamwagiza sungura achome nyama, yeye anataka moyo na masikio tu. Sungura anavichoma, anavila, na akiulizwa anajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudije mara ya pili mahali alipokwisha kuona kwamba anauawa? Simba anakubali kwamba ni kweli.

Kisha kima anamgeukia papa: nawe umetaka kunifanya punda wa dobi, shika njia yako, hunipati tena, urafiki wetu umekwisha. Hadithi inaishia hapo.

Mjomba alinisomesha ule mwisho mara mbili. "Umeona neno funzo?" Sikuliona. "Umemwona msimulizi akitokea kusema nasi?" Hakutokea. Kima anasema na papa tu. Anachokisema hakihusu marafiki wanafiki kwa jumla. Kinamhusu yeye, kwamba hatarudi mara ya pili. Anachomlaumu punda si kuamini. Mara ya kwanza hata kima mwenyewe aliamini, akapanda mgongoni. Lawama iko kwenye kurudi. Kwa hiyo funzo langu, hata kama ningeruhusiwa kulitunga, lilikuwa limekosea shabaha, kwa sababu nilikuwa nimemtupa punda ili nipate nafasi, na punda ndiye jina la hadithi.

Halafu mjomba akaingia ndani, akatoka na Kalila wa Dimna ya Kiarabu, kitabu cha ngano za wanyama, jalada limeshikiliwa na gundi na dua.

Kisa hiki kilifika pwani yetu baada ya safari ndefu. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, kitabu cha nne kati ya vitano, ambacho jina lake lenyewe lina maana ya kupoteza kilichopatikana. Kutoka huko kilitafsiriwa Kipahlavi, lugha ya Uajemi ya kale, katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibnul Muqaffaa akakitia katika Kiarabu. Katika Kiarabu hakuna papa. Kuna ghailamu. Mimi nikasema kobe. Mjomba akanikazia macho: "Kobe anaogelea na mtu mgongoni? Kasa huyo." Mtoto wa pwani nikaona haya.

Kasa huyu amefanya urafiki na kima mzee, mfalme aliyepinduliwa, anayekaa juu ya mtini ufukweni na kudondosha tini majini. Mke wa kasa anaona wivu kwa mumewe kutorudi nyumbani, anashauriwa na jirani ajifanye mgonjwa, na dawa iwe moyo wa kima. Yanayofuata tunayajua, ila kwa tofauti moja iliyo muhimu sana. Njiani kasa anasitasita. Anasimama majini, anawaza, anaendelea, anasimama tena, mpaka kima anashuku na kumuuliza. Ndipo kasa anaposema yote. Kima naye anatoa hoja ya moyo ulioachwa nyumbani, na kasa anafurahi, anageuka, anamrudisha ufukweni mwenyewe kwa mapezi yake.

Na funzo? Hapa funzo limeandikwa, tena mara mbili. Karibu kila mlango wa kitabu kile unaanza na mfalme Dabshalimu akimwomba mwanafalsafa Baidaba ampigie mfano wa jambo fulani. Katika mlango huu anaomba mfano wa mtu anayetafuta haja yake, akiisha kuipata anaipoteza. Mwanafalsafa anajibu kwamba kutafuta haja ni rahisi kuliko kuihifadhi, na aliyeipata haja kisha asiisimamie vizuri humfika yaliyomfika kasa. Ndipo anaposimulia. Na mlango unafungwa kwa maneno kwamba huo ndio mfano wa mtu atafutaye haja, akiipata akaipoteza.

Nilikaa kimya kidogo. Hadithi ileile, na mtu anayejifunza kitu ni kasa. Sisi wote tangu utotoni tumekaa mtini pamoja na kima tukishangilia, kumbe kitabu kinatutazamisha majini, kwa yule aliyekuwa na mzigo wake mgongoni akaurudisha kwa hiari. Uovu wa kutaka moyo wa rafiki hautajwi katika funzo hata kidogo. Unaweza usipende. Mimi binafsi sikupenda, na bado naona ni funzo la baridi mno kwa kisa chenye urafiki ndani yake. Lakini ndilo lililosemwa.

Kuna mtego mwingine katika toleo hili la Kiarabu, na niliuingia mara moja. Wahusika wake wanasema hekima kila wakipumua. Karibu na mwisho kasa anakiri kosa lake na kusema kwamba mtu mwema akiteleza hukiri, kama mtu anayejikwaa ardhini na akaitegemea ardhi hiyohiyo ili ainuke. Nikaruka: "Hili hapa mjomba! Zuri kuliko lile!" Akaniuliza nani anayesema. Kasa. Anamwambia nani? Kima, aliyeko juu ya mti, salama, ambaye kasa angependa sana ashuke. Hayo ni maneno ya mhusika mwenye haja yake. Huwezi kuyatoa kinywani mwake ukayapa muhuri wa kitabu. Na jibu la sungura kwa simba ni vivyo hivyo: linang'aa kama methali, lakini ni uongo wa mwizi aliyekwisha kula moyo na masikio.

Kwa hiyo swali la kwanza la kufupisha ngano nimelijua sasa: je, funzo limesemwa, na limesemwa na nani? Huenda likawa kabla ya kisa, kama la Baidaba. Huenda likaja baada yake, kama katika mikusanyiko ya Kigiriki ya hekaya za Esopo, ambako mstari wa mwisho huanza na maneno yenye maana ya "kisa chaonyesha kwamba". Huenda likawa mdomoni mwa mhusika tu. Au halipo. Ukishajua liko wapi, ndipo unapoanza kukata kisa, maana kinachobaki na kinachotupwa hutegemea hilo.

Tulijaribu. Nikachukua kalamu, nikaandika toleo la Kiarabu kwanza:

"Kasa alifanya urafiki na kima mzee aliyekuwa akidondosha tini majini, mpaka mkewe akajifanya mgonjwa wa kuponywa na moyo wa kima. Alimshawishi kima apande mgongoni, akampata, akaogelea naye. Lakini njiani akasitasita, akaulizwa, akasema kweli yote. Kima akasema moyo ameuacha nyumbani, na kasa mwenyewe akamrudisha ufukweni, akampoteza. Kitabu kinasema: kutafuta haja ni rahisi kuliko kuihifadhi, na aliyeipata haja kisha asiisimamie vizuri humfika yaliyomfika kasa."

Punda hayumo, na hakuna kilichoharibika. Katika kitabu yumo kwa urefu, lakini funzo la mlango halimtegemei. Linategemea mambo mawili: kwamba kasa alimpata kima, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwachia. Ndiyo sababu niliacha kule kusitasita njiani, ambako katika rasimu nyingine ningekufyeka bila huruma. Ukiondoa kusitasita, kasa anakuwa mtu aliyezidiwa akili tu. Ukikuacha, anakuwa mtu aliyekuwa na kitu mkononi akashindwa kukisimamia.

Sasa chukua funzo lilelile la Baidaba ulibandike chini ya rasimu yangu ya kwanza, ile ya "kima akatumia akili". Haliingii. Mtoto atasoma sentensi tatu za kumsifu kima kisha aambiwe habari za kuhifadhi haja, na atadhani mchapishaji amechanganya karatasi. Mtu anaweza kunakili funzo neno kwa neno, nukta kwa nukta, na bado akawa amelisaliti kwa kulikatia kisa kisicholibeba. Mjomba ana njia yake ya kupima: alifunika mstari wa mwisho kwa kiganja, akamwita mjukuu wake aliyekuwa akimenya miwa uani, akamsomea sentensi nne za juu, akamuuliza nani kakosa na kakosa nini. Mtoto akasema kasa, kwa sababu alikuwa ameshampata. Mjomba akainua kiganja.

Kwa rasimu yangu ya zamani mtoto yuleyule alisema papa mbaya. Naye ni kweli, papa mbaya, lakini hapo hajafika popote ambako kitabu chochote kati ya vile viwili kilitaka kumpeleka.

Hapo nikaanza kuzishuku ngano zangu nyingine kumi na moja, na kwa haki. Januari nilikuwa nimeweka mbio za sungura na kobe. Funzo: "Haraka haraka haina baraka." Nani asiyelijua? Ndilo tatizo. Sisi Waswahili tuna ghala la methali, na methali iliyo tayari ni kama kiti kitupu, ukichoka unakalia tu. Lakini chanzo changu kilikuwa hekaya ya Kigiriki, na mstari wake wa mwisho unasema kwamba mara nyingi juhudi hushinda kipaji kilichozembewa. Uweke sambamba na methali yetu uone. Methali inalaumu haraka. Mgiriki hailaumu kabisa, maana sungura wake hakushindwa kwa kukimbia, alishindwa kwa kulala. Methali inasifu upole wa mwendo. Mgiriki hasemi kwamba polepole ni bora, anasema kwamba mwenye kasi asipoitumia anaweza kupitwa na mwenye bidii. Na kuna lile neno "mara nyingi". Si kila mara. Aliyeandika mstari ule alikuwa mwangalifu, akijua kwamba sungura asiyelala anashinda mbio zote zilizobaki.

Hayo maneno madogo ya kipimo ndiyo yanayokufa kwanza ukifupisha: mara nyingi, baadhi, hata. Mbweha na zabibu ni mfano mwingine. Kwetu mbweha amegeuka sungura na zabibu zimebaki, na hakuna aliyepita shule asiyeweza kusema "sizitaki mbichi hizi". Funzo langu la kalenda lilikuwa "Usidharau usichoweza kukipata." Mstari wa Kigiriki unasema kwamba vivyo hivyo baadhi ya watu, wanaposhindwa kupata mambo kwa sababu ya udhaifu wao, husingizia nyakati. Baadhi ya watu. Kwa udhaifu wao. Husingizia nyakati, yaani hali na majira. Hata hawasemi zabibu ni mbaya, wanasema wakati wake haujafika. Hapana "usi-" hapo. Ni mtu anayetazama watu na kusema alichokiona, nami nikamgeuza mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Nikapitia sanduku zangu zote za manjano na kalamu nyekundu: tisa kati ya kumi na mbili zilianza kwa "Usi-" au "Tu-". Ukiona hivyo katika mkusanyiko wowote wa ngano za kutoka mahali mbalimbali, ujue mfupishaji ndiye anayesema.

Nisimwonee mfupishaji mwenzangu, kuna mahali kazi hii inakuwa ngumu kwelikweli. Mistari ile ya Kigiriki ilibandikwa na wakusanyaji, na si kila hati ina mstari uleule. Mara nyingine haukikai kisa vizuri. Yule nyenje anayekwenda kwa chungu wakati wa baridi kuomba chakula, akaambiwa kwamba aliyepiga zumari kiangazi na acheze ngoma kipupwe: mstari wake unasema haifai mtu kuzembea katika jambo lolote, asije akahuzunika na kuingia hatarini. Mimi ningependa uguse ule ukatili wa chungu. Haugusi. Na mchapishaji angependa useme kuhusu kuweka akiba. Hausemi hivyo pia, unasema "jambo lolote". Ninachoruhusiwa ni kutaja mwenye maneno, "mkusanyaji wa Kigiriki anasema", kisha kuyaacha yalivyo. Nikiwa na maoni, niandike sehemu nyingine, kwa jina langu. Kama hivi sasa.

Kutafsiri nako kunaleta mashaka yake, maana siwezi kusema nimenakili neno kwa neno kitu kilichokuwa Kigiriki au Kiarabu. Ninachokilinda ni dai lenyewe: linamhusu nani, kwa sharti gani, mara ngapi, na kama linaamuru au linaeleza. Hayo manne yakivuka salama, sioni vibaya nikisema "haja" au "jambo".

Ilibaki Septemba ya Unguja, isiyo na funzo, na sanduku la manjano lililo tupu. Nilimpigia simu yule jamaa wa kalenda. Akasema sanduku haliwezi kubaki tupu, watoto watauliza. Nikamwambia hadithi haina funzo lililosemwa. Akasema, "Ndugu yangu, wewe si ndiye mwandishi? Liandike." Tulivutana kidogo. Nikamweleza habari za punda aliyerudi mara ya pili, na hapo nadhani alinielewa, maana alicheka na kusema yeye mwenyewe amewahi kurudi mara ya pili kwa mtu fulani wa karatasi. Mwishowe alikubali kwamba kwa Septemba pekee neno FUNZO liondoke, na badala yake iandikwe MWISHO WA KISA. Rangi ya manjano ikabaki.

Nikaandika hivi:

"Kima aliyekuwa akimtupia papa kuyu kila siku alikubali kubebwa mgongoni aende kwao akalipwe fadhila. Katikati ya safari papa alimweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima; kima akajibu kwamba moyo ameuacha mtini, wakarudi kuufuata. Alipokwisha kupanda, papa alimwita, naye akamsimulia punda wa dobi, aliyemponyoka simba, akashawishiwa na sungura kurudi mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, akasema punda yule hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Mwisho wa kisa: Kima alimwambia papa kwamba naye alitaka kumfanya punda wa dobi, ashike njia yake, hatampata tena, na urafiki wao umekwisha."

Sentensi ya tatu ni ndefu kama treni ya mizigo, najua. Nilijaribu kuivunja na kila mara kipande kimoja kilianguka njiani. Nikamtolea punda ndoa yake na simba, jambo lililoniuma, kwa sababu ndicho kichekesho kikubwa cha hadithi yote. Lakini mwisho wa kisa unasimama bila posa. Hausimami bila kurudi mara ya pili. Kwa mkato ule nilibakiwa na nafasi ya maneno mawili tu kufikia tisini na tano.

Nikamsomea mjomba kwa simu. Akasikiliza. Nikasikia kikombe kikigonga sahani.

"Hapo kima kajibu upesi mno," akasema.

"Wapi, mjomba?"

"Papa anaita, kima anaanza hadithi. Haikuwa hivyo. Papa aliita, kima kimya. Akaita tena, kima kimya. Sisi tulipokuwa wadogo bibi yako alikuwa akifika hapo hasemi kitu, anatuangalia tu, mpaka mmoja wetu ashindwe kuvumilia."

Nilirudi mezani. "Papa alimwita" nikaigeuza "papa alimwita, kimya, akamwita tena". Nimepita tisini na tano. Nimemwandikia jamaa wa kalenda apunguze ukubwa wa herufi mwezi wa Septemba, na bado nasubiri jibu lake.